Mpango wa Usimamizi wa Trafiki: Ujenzi wa Mtaro na Kalavati, Barabara ya 12, Ngamiani, Jiji la Tanga

1. Kazi na muda wake

Mtaro wa maji ya mvua utajengwa upya pande zote mbili za Barabara ya 12 kwa urefu wa mita 360, kuanzia makutano na Barabara ya Taifa (0+000) hadi 0+360. Kalavati moja lililobomoka, lililopo 0+210, litabadilishwa. Baadaye lami itarudishwa.

Kazi itaanza Jumatatu 6 Julai 2026 na kumalizika Jumamosi 15 Agosti 2026. Kipindi hiki kimechaguliwa kwa sababu masika yatakuwa yamepita na vuli bado. Kuna sababu ya pili pia: Maulidi yanatarajiwa wiki ya mwisho ya Agosti, na hatutaki zafa ipite kando ya shimo lililo wazi. Mkandarasi asiitegemee wiki hiyo kama muda wa akiba.

Hakuna kazi ya kuchimba siku za Saba Saba na Nane Nane. Siku za Ijumaa mitambo itazimwa kuanzia saa 6 mchana hadi saa 8 mchana.

2. Kwa nini hatufungi barabara nzima

Pendekezo la kwanza la mkandarasi lilikuwa kufunga Barabara ya 12 kwa wiki zote sita. Kwa mitambo ingekuwa rahisi, ila tumelikataa. Wengi wanaoitumia barabara hii wanatembea, wanaendesha baiskeli au wanasukuma mikokoteni, na barabara ikifungwa hawa hawatazunguka. Watapita palepale, juu ya udongo, kati ya kijiko na ukuta. Kwa hiyo tumeanza na njia yao, na magari yamepewa nafasi iliyobaki.

Upana wa barabara ni mita 9. Shimo na mtambo vitachukua mita 3.6, njia ya miguu mita 1.5, njia ya magari mita 3.2, na mita 0.7 ni ya safu mbili za vizuizi. Wiki tatu za kwanza kazi itakuwa upande wa kushoto ukitokea Barabara ya Taifa, kisha itahamia upande wa kulia. Eneo litakalochimbwa kwa wakati mmoja halitazidi mita 60. Mtaro uliokwisha kujengwa ufunikwe kabla ya kufungua mita nyingine.

3. Michepuko

Barabara ya 12 itakuwa ya uelekeo mmoja, kutoka Barabara ya Taifa kwenda ndani. Magari yanayorudi yatapita Barabara ya 11, ambayo nayo itakuwa ya uelekeo mmoja kuja Barabara ya Taifa.

Kalavati haliwezi kubadilishwa nusu nusu. Kwa hiyo usiku tatu mfululizo, kuanzia Jumanne 21 Julai, barabara itafungwa kabisa kati ya 0+180 na 0+240, saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri. Saa hizo magari ya kuingia yatapita Barabara ya 13 na ya kutoka yataendelea na Barabara ya 11. Asubuhi shimo litafunikwa kwa mabamba ya chuma yaliyofungwa yasicheze, na magari yatapita juu yake kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa.

Barabara za 11 na 13 hazitafaa kwa mchepuko magari yakiendelea kuegeshwa pande zote. Maegesho yatazuiwa upande mmoja wa kila barabara kwa wiki zote sita, na hili litekelezwe na askari wa usalama barabarani, si kwa kibao peke yake. Malori ya tani 3.5 na zaidi hayaruhusiwi kuingia kwenye michepuko mchana. Yanayoleta mizigo madukani yatashusha kati ya saa 2 usiku na saa 12 alfajiri, isipokuwa usiku wa kalavati.

Daladala hazitasimama ndani ya eneo la kazi. Kituo cha muda kitawekwa mita 40 kabla ya koni ya kwanza, kwa makubaliano na LATRA na madereva wenyewe. Kijiwe cha bodaboda na bajaji kilichopo kwenye kona kitahamishiwa upande wa pili wa makutano. Tumezungumza na viongozi wao na wamekubali, mradi wapatiwe kivuli.

4. Alama

Mwendo ndani ya eneo ni kilomita 30 kwa saa. Dereva ataona alama kwa mpangilio huu:

- mita 100 kabla: pembetatu ya watu wakiwa kazini;
- mita 70: barabara kuwa nyembamba, pamoja na kikomo cha 30;
- mita 40: mshale na neno MCHEPUKO, au HAKUNA KUINGIA upande wa kutokea;
- mwisho wa kazi: kuisha kwa kikomo.

Koni ziwe za urefu wa sentimita 75, zenye mikanda ya kuakisi. Pale njia inapobanwa zipangwe kila mita 3, na kando ya kazi kila mita 6. Usiku taa za njano za kumweka za sola ziwekwe kila mita 10.

Vibao vishikiliwe kwa mifuko ya mchanga. Mawe na vipande vya zege havikubaliki hata kwa saa moja: gari likivigonga hurushwa, na anayeumia ni mpita njia. Vibao vyenyewe viwe vya plastiki ngumu. Bati la chuma halilali usiku mbili bila kwenda kupimwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Na kibao kisisimamishwe katikati ya njia ya miguu.

5. Waenda kwa miguu na baiskeli

Njia ya miguu itatenganishwa na shimo kwa uzio imara wa urefu wa mita 1. Uzio uwe na ubao wa chini ambao fimbo ya asiyeona itaugusa. Utepe wa rangi peke yake hauhesabiwi kuwa uzio. Sakafu iwe ya kifusi kilichoshindiliwa, bila ngazi, ili kiti cha magurudumu kipite.

Kila mlango wa duka au nyumba unaokatwa na shimo upate daraja la mbao la upana wa mita 1.2, lenye mikono pande zote mbili. Daraja liwekwe kabla ya kuchimba mbele ya mlango huo. Mama lishe na wauza kahawa wanaokaa kando ya mtaro watahamishwa mita chache tu, ndani ya mtaa uleule, kwa utaratibu wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wakiachwa hivihivi watarudi, na wateja wao watasimama barabarani.

Mwenye baiskeli anayefuata uelekeo wa magari atapita nayo njiani. Anayekuja kinyume atashuka na kuikokota kwenye njia ya miguu. Kila mita 40 njia hiyo itapanuliwa hadi mita 2 ili wapishane.

Kijiko kinapogeuza mkono kuelekea njia ya miguu, mlinzi awasimamishe watu kwanza. Mwendeshaji haruhusiwi kugeuza kabla ya ishara yake. Washika bendera wawili watakaa kwenye vivuko vya 0+010 na 0+350, kuanzia saa 12:30 asubuhi, ili wanafunzi wavushwe kabla kazi haijaanza saa 2.

6. Dharura na usimamizi

Gari la wagonjwa likielekea Bombo, au la Zimamoto, lipitishwe mara moja: washika bendera wasimamishe pande zote. Usiku wa kalavati, Barabara ya 11 na ya 13 ziwe wazi kabisa. Namba 112 na 114 ziandikwe kwenye kibao cha mradi.

Matangazo yatatolewa siku 7 kabla, kwa gari la matangazo, redio za mjini na misikitini baada ya sala.

Msimamizi wa usalama wa trafiki atakagua alama saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, na ataandika alichokuta kwenye daftari la kazi. Ana mamlaka ya kusimamisha kazi bila kumsubiri mhandisi. Mpango utapitiwa upya Jumatatu 13 Julai pamoja na TARURA, askari wa usalama barabarani na viongozi wa mtaa. Foleni ya kwenye Barabara ya 12 ikifika Barabara ya Taifa zaidi ya mara mbili katika wiki hiyo ya kwanza, urefu wa kuchimba utapunguzwa hadi mita 40.

Siku ya mwisho alama zitaondolewa kuanzia ndani ya eneo la kazi kuja nje, na ile ya mita 100 itaondoka ya mwisho.