Ombi la mahojiano kuhusu mradi wa maji wa sola uliosimama

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam,
Idara ya Uhandisi wa Rasilimali za Maji,
Dar es Salaam.

9 Machi 2026

Meneja wa Miradi,
Ofisi ya Kanda ya Kati,
Dodoma.

(Kwa mkono)

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA MAHOJIANO YA DAKIKA 45 KUHUSU MRADI WA KISIMA KIREFU NA PAMPU YA SOLA ULIOKABIDHIWA AGOSTI 2021

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, shahada ya kwanza ya uhandisi wa rasilimali za maji. Tasnifu yangu inahusu miradi ya maji vijijini inayosimama ndani ya mwaka mmoja baada ya kukabidhiwa, na mradi ambao kampuni yako iliusanifu na kuujenga mkoani Dodoma ndio nimeuchagua. Naomba kukuhoji kwa sababu kumbukumbu nilizozipata wilayani na kijijini zinaonyesha nini kilitokea, ila hazionyeshi kwa nini uamuzi fulani ulifanyika.

Ili nisikupotezee muda kwa maswali ambayo majibu yake yapo kwenye makabrasha, naeleza hapa nilipofikia.

Usanifu ulilenga watu 3,000 kwa lita 25 kwa mtu kwa siku, yaani mita za ujazo 75. Kwa saa 6 za jua la kutosha, pampu ilitakiwa kutoa mita za ujazo 12.5 kwa saa. Kisima kina mita 110. Kilipimwa uwezo Mei 2021: kina tuli cha maji kilikuwa mita 38, na baada ya kusukuma kwa kiwango hicho kwa saa 24 maji yakashuka hadi mita 61. Pampu ikawekwa mita 72, ikiwa na akiba ya mita 11 juu yake. Kwa vipimo vya mwezi ule, hakuna mhandisi ambaye angeikataa akiba hiyo.

Tatizo ni kwamba Mei ni mwezi ambao mvua za Dodoma zimetoka kuisha, na kisima kiko karibu na kilele chake. Daftari la fundi wa kijiji linaonyesha kwamba mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo kina tuli kilikuwa mita 51. Ukiongeza mshuko uleule wa mita 23, maji yanafika mita 74, chini ya pampu kwa mita 2. Kuanzia hapo daftari linarudia jambo moja kila siku: pampu inawaka, inajizima baada ya dakika chache, kisha inasubiri. Nadhani hicho kilikuwa kidhibiti kikiilinda pampu isizunguke bila maji, wala si ubovu wa pampu, ingawa kijijini iliandikwa kuwa "pampu imekufa".

Upande wa sola sijaona kosa. Kwa kimo cha jumla cha mita 86, nguvu inayohitajika kuyapandisha maji ni 9.81 × 12.5 × 86 ÷ 3600, sawa na kilowati 2.9. Ukichukua ufanisi wa pampu na mota kuwa nusu, unahitaji karibu kilowati 5.9, na paneli 24 za wati 330 zinafikisha hapo hata baada ya kuondoa robo kwa ajili ya joto na vumbi. Nimelitaja hili kwa sababu taarifa ya wilaya inasema "sola ilikuwa ndogo", na ningependa kusikia kama unakubaliana nayo.

Swali langu kubwa la kwanza, basi, ni hili: kwa nini pampu haikushushwa zaidi ya mita 72? Mchoro wa kisima unaonyesha chujio la kwanza linaanzia mita 76. Huenda mliogopa kuiweka pampu mbele ya chujio, ambako maji huingia kwa kasi na kuvuta mchanga. Kama ndivyo, nitaandika hivyo. Ila bado ningeuliza kama ilifikiriwa kuiteremsha hadi kwenye bomba lisilo na matundu lililo kati ya machujio mawili, ikiwa na koti la kuelekeza maji yapite kwenye mota, au kupunguza kiwango cha kusukuma wakati wa kiangazi. Na je, mkataba uliruhusu kurudia kupima mwezi wa Oktoba, au muda wa kukabidhi ulilazimisha kutumia vipimo vya Mei?

La pili ni vilula. Vilijengwa 6. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kilula kimoja kwa watu 250, ndani ya mita 400, hivyo watu 3,000 walihitaji 12. Sijui kama 6 vingine viliachwa kwa awamu ya pili au viliondolewa kwenye bajeti.

La tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, ni dira za malipo ya kabla. Pampu ilipoanza kujizima, mabomba yalibaki na hewa. Dira za aina ile huzungushwa na chochote kinachopita, hewa ikiwemo, kwa hiyo kadi ziliendelea kukatwa salio huku bomba likitoa upepo. Mihtasari ya mikutano ya kijiji ya Novemba na Desemba 2021 ina malalamiko hayo karibu kila ukurasa, na mauzo yaliporomoka kabla maji hayajakatika kabisa Februari 2022. Kama valvu za kutoa hewa ziliwekwa, naomba kujua wapi. Kama hazikuwekwa, naomba kujua ziliondolewa hatua gani.

Endapo itawezekana, naomba pia kuona karatasi za upimaji wa kisima na kumbukumbu za kidhibiti cha pampu za Septemba 2021 hadi Februari 2022. Kuzisoma ofisini kwako kunatosha, sihitaji nakala.

Sitauliza bei za mkataba, mgogoro wa malipo, wala jina la mtumishi yeyote. Kampuni, kijiji na wewe mwenyewe hamtatajwa kwenye tasnifu. Nitarekodi sauti kwa ruhusa yako tu. Ukikataa nitaandika kwa mkono. Maandishi ya mahojiano nitakuletea ndani ya siku 7 uyahakiki, na unaweza kuondoa sehemu yoyote kabla ya 30 Aprili 2026, siku ninayoanza kuandika sura ya matokeo. Rekodi itafutwa baada ya tasnifu kusahihishwa.

Nitakuwa Dodoma tarehe 23 hadi 27 Machi. Napendekeza Jumanne tarehe 24 au Alhamisi tarehe 26, saa 4 asubuhi, ofisini kwako. Kama uko eneo la mradi mwingine, naweza kukufuata huko, au tukaongea kwa simu jioni. Ikiwa nafasi haipatikani kabisa, naomba unielekeze kwa mhandisi aliyesimamia upimaji wa kisima, maana maswali mengi ya kwanza yanamhusu yeye.

Nitashukuru kupata jibu kufikia Jumatano tarehe 18 Machi. Namba yangu ya simu na ya msimamizi wangu zipo kwenye barua ya utambulisho ya chuo niliyoiambatisha, pamoja na orodha ya maswali yote 11.

Wako mtiifu,

Rehema J. Mwakalinga
Mwanafunzi, mwaka wa nne

Viambatisho: barua ya utambulisho, orodha ya maswali, fomu ya ridhaa