Mbona mimi simo?

Ndugu mshehereshaji, ahsante kwa kipaza sauti. Umeninong'oneza kwamba nina dakika kumi. Nimekusikia, na naona wanaonifahamu wameshaanza kucheka.

Wazazi wetu wa pande zote mbili, shikamooni. Wakwe zetu, ndugu, majirani, marafiki, habari za jioni. Na ninyi watoto mliojificha chini ya meza namba nne mkidhani hatuwaoni, habari zenu pia.

Kwa wasionijua, mimi ni dada yake bwana harusi, nimemtangulia kuzaliwa kwa miaka minne. Kwa bibi harusi mimi ni wifi. Lakini nimeomba nisimame hapa kwa cheo cha tatu, ambacho ndicho ninachojivunia: mimi ni shangazi yao Tumaini, Baraka na Zawadi.

Maharusi, tangu mmeingia ukumbini mnaitwa kwa majina yenu, na nimeona watu wakitazamana. Huyo ni nani tena? Maana kwa miaka tisa hakuna aliyewaita hivyo. Ninyi ni Baba Tumaini na Mama Tumaini. Hata kwenye simu yangu nimewaandika hivyo hivyo. Wenzenu hufunga ndoa kwanza, jina la mtoto likafuata. Ninyi jina mlilipata mapema, harusi ndiyo imekuja nyuma inahema.

Wahenga walisema kawia ufike. Mmekawia kweli, na mimi nilikuwa mstari wa mbele kuwasumbua. "Lini?" Kila tukikutana, "Lini?" Mara Tumaini yuko njiani, tusubiri azaliwe. Akazaliwa, tusubiri akue kidogo. Mara wifi anasoma masomo ya jioni. Halafu mwaka ambao kila kitu kilikuwa tayari, ukumbi umeshatafutwa, baba yetu akaugua.

Wifi, hili sijawahi kulisema mbele za watu. Siku ile ulikuja kwangu na bahasha ya kaki. Juu yake palikuwa pameandikwa "Ukumbi." Ulikuwa umelikata hilo neno kwa kalamu, mstari mmoja tu, na chini yake umeandika "Babu." Ukaiweka mezani, ukaomba maji ya kunywa, ukaanza kunisimulia jinsi Baraka alivyong'oa jino. Hukusema lolote kuhusu bahasha. Na babu mwenyewe yule pale meza ya mbele, amevaa suti, anatusikiliza. Nikawa siulizi tena "lini."

(Ahsanteni kwa vigelegele. Mshehereshaji, muda wa vigelegele usiuhesabu kwangu.)

Sasa nina la kuungama. Kaka yangu aliponiambia kwamba safari hii harusi ipo kweli, na kwamba watoto wote watatu watakuwa na kazi kwenye kufunga ndoa yenyewe, mimi nilipinga. Nilisema watoto watavuruga. Nikasema watalia, watataka kwenda msalani katikati ya kiapo, watapoteza pete. Niliwatafutia hadi mtu wa kukaa nao chumba cha nyuma mpaka shughuli iishe, waletwe wakati wa keki. Tena nilijiona nina busara sana.

Kaka hakubishana nami. Alinijibu hivi: "Dada, mwulize Tumaini kuhusu albamu yako."

Nikamwuliza. Kumbe Tumaini, kila akija kwangu likizo, hutoa albamu ya harusi yangu kabatini na kuipekua. Akaniambia, "Shangazi, nilikuwa natafuta picha za harusi ya mama na baba. Nilidhani mnazo ninyi. Nilidhani nilikuwa nimelala."

Wote tuliozaa tunalijua lile swali. Mtoto anaangalia picha ya harusi ya wazazi wake, anawaona babu, bibi, majirani, hadi watu ambao hatuwakumbuki majina, kisha ananuna: "Mbona mimi simo?" Utamweleza kwamba alikuwa hajazaliwa, haelewi. Anaona amenyimwa sherehe. Wanangu mimi waliniuliza hivyo wote wawili, na mmoja mpaka leo hajanisamehe. Basi huyu wa kwenu yeye alikuwa anatafuta harusi isiyokuwepo, akiamini kosa ni lake, kwamba alilala ikampita.

Nilimpigia simu yule mtu wa chumba cha nyuma usiku uleule, nikamwambia asije.

Je, watoto walivuruga? Walivuruga sana! Ninyi mlikuwepo. Zawadi alipewa kikapu cha maua amwage njiani. Ana miaka mitatu. Akaweka ua moja chini, akalitazama, akaweka la pili. Alipofika katikati akageuka nyuma, akaona maua yako sakafuni, na kwa kuwa nyumbani kwao anafundishwa kuokota vitu vyake, akarudi kuyaokota yote. Bibi harusi amesimama mlangoni na shela lake, muziki umekwisha, umeanza tena, na hakuna aliyemharakisha. Wifi alisubiri. Kikapu kilipojaa ndipo akaja akamshika mama yake mkono, wakaingia wote na Tumaini. Mtu akiniuliza nani alimleta bibi harusi kwa bwana harusi, nitamwambia ni binti zake wawili, na mmoja wao alikuwa na kiatu kimoja.

Halafu Baraka na pete. Hapo lawama ni yangu, ile fundo nilifunga mimi. Niliogopa pete zisidondoke, nikazifunga kwenye mto kwa utepe, nikakaza. Nikakaza mno. Mfungishaji ndoa akajaribu, ikashindikana. Msimamizi akajaribu kwa kucha. Kaka yangu mikono inamtetemeka, hata kifungo asingeweza kufungua. Baraka akawatazama wote, akanyanyua mto, akaifungua kwa meno. Akamkabidhi baba yake pete ya kwanza na kumwambia kwa sauti ambayo hadi safu ya mwisho waliisikia: "Hii ya mama. Usikosee." Mtu aliyefanya mazoezi wiki nne sebuleni kwa mto wa kochi na vifuniko viwili vya chupa ana haki ya kusema hivyo.

Lakini kilichonikalisha chini mimi ni zile ahadi. Mke na mume walipomaliza kuahidiana, niliona tumeshamaliza, nikaanza kutafuta mkoba wangu. Kumbe bado. Wakapiga magoti ili walingane na watoto. Wengine huwaambia watoto maneno mazito siku kama hii, nitawalinda milele, nitawapenda daima, na mtoto anasimama tu hajui ashike lipi. Kaka alimwambia Tumaini, "Naahidi kubisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwako." Akamwambia Baraka, "Naahidi kuweka simu chini unaponisimulia." Wifi akasema, "Naahidi kuwaomba msamaha nikiwakosea, hata nikiwa nimechoka." Hizo ni ahadi ambazo mtoto wa miaka sita anaweza kuzidai kesho asubuhi. Na Baraka hakungoja kesho, aliuliza palepale, "Na baiskeli?" Kaka, ukumbi mzima ulisikia, na hukukataa.

Jambo moja wengi hamkulijua. Tumaini alitaka kutia saini kama shahidi. Akaelezwa kwa upole kwamba shahidi wa ndoa lazima awe mtu mzima. Alinyamaza, ile ya kunyamaza ambayo kaka yangu naye alikuwa nayo utotoni, maana yake suala halijaisha. Baada ya siku mbili akaja na karatasi aliyoichana kwenye daftari lake la hesabu, amepiga mistari kwa rula. Ameandika: "Sisi tulikuwepo." Chini yake nafasi tatu. Leo, baada ya cheti halali kutiwa saini, ile karatasi nayo ilizungushwa mezani. Tumaini ameandika jina lake kamili. Baraka ameandika lake, ile K imegeuka. Zawadi amechora duara, akasema huyo ni yeye. Mimi niliishika kalamu yake isichore kitambaa cha meza, kwa hiyo duara hilo nina mkono wangu kidogo.

Wifi, kaka, mimi ni shangazi na watu wanategemea shangazi atoe nasaha. Nitawafundisha nini? Kila mmoja anaujua mkoromo wa mwenzake, mnajua nani huamka mtoto akikohoa saa tisa usiku, mmeshagombana kuhusu fedha na mkapatana. Ninachoweza kuwapa ni siku nne. Mabegi ya watoto yako kwenye buti ya gari langu. Baraka amejipakia mwenyewe: tochi mbili, soksi moja na kile kitambaa cha ule mto. Msinipigie simu kuuliza wamekula nini. Watakula. Msipige kuuliza wamelala saa ngapi, kwa sababu jibu halitawafurahisha. Kaeni wawili, mzungumze habari ambayo haihusu viatu vya shule. Mkiishiwa la kuzungumza, nyamazeni pamoja, hata hilo ninyi hamjalipata kwa muda mrefu.

Na Tumaini, mwanangu, uliniomba nisikutaje sana, nimekutaja mara nyingi mno. Nisamehe. Albamu ya safari hii itakaa nyumbani kwenu, nimeshamwambia mpiga picha. Hutakuja tena kuitafuta kabatini kwangu.

Mpiga picha yuko wapi? Njoo mbele baba, kabla ya keki. Maharusi simameni. Babu, bibi, pande zote mbili, sogeeni. Baraka, futa mdomo. Kutoka chini ya meza namba nne naomba wale wanaohusika watoke. Naambiwa Zawadi amelala huko chini juu ya koti la mtu. Hapana, wifi, usimwamshe. Kaka, mnyanyue hivyo hivyo na usingizi wake, kichwa kiegemee begani upande huu wa kamera, uso uonekane vizuri. Haya, sote tuangalie huku. Tumaini, hesabu wewe.