Lita Moja Kamili: andiko la video ya ORS na zinki

Mteja: mtandao wa zahanati za vijijini, Newala na Tandahimba
Urefu: dakika 6 za kuonyeshwa kliniki, na kipande cha dakika 2 cha kurushiana kwenye simu
Walengwa: bibi, mama na dada wanaobaki na watoto wa chini ya miaka 5 msimu wa korosho

Wazo

Pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kumnywesha mtoto anayeharisha, zinatoka zahanati na kufika nyumbani. Dawa inaharibikia kwenye kipimo: mtu anamimina pakiti nzima kwenye kikombe kimoja, au anagawa nusu leo nusu kesho. Maji yakipungua, chumvi huzidi mwilini na kuharisha kunaweza kuongezeka. Maji yakizidi, mtoto hapati chumvi na sukari anayohitaji. Kwa hiyo video nzima inajengwa juu ya kitendo kimoja, kupima lita moja, na mengine yote yanakizunguka. Tusishawishike kuingiza choo, kunawa mikono na chanjo humohumo; kila moja inastahili video yake.

Mtiririko

Asubuhi, uani, mwezi wa Oktoba. Mama anaondoka na ndoo kwenda kuokota korosho. Bibi anabaki na mjukuu wa mwaka mmoja aliyeharisha mara tatu tangu alfajiri. Mhudumu wa afya ya jamii anapiga hodi.

— Shikamoo bibi.
— Marahaba mwanangu. Huyu tumbo linamwendesha, na pakiti ninayo. Nilitaka nimkorogee kwenye kikombe hiki.
— Ngoja kwanza bibi. Tuisome. Hii ni ya gramu 20.5, inataka lita moja. Una chupa gani humu ndani?

Hapa kamera inatulia, na hapa ndipo tutumie muda wetu. Juu ya mkeka vinapangwa vyombo vilivyomo nyumbani: chupa ya maji ya lita moja, chupa mbili za nusu lita, chupa tatu za soda za mililita 350. Chochote kati ya hivyo kinatosha. Bibi ananawa kwa sabuni. Maji yaliyochemshwa na kupoa yanamiminwa kwenye jagi safi, pakiti inakatwa na kukung'utwa yote, kijiko kinakoroga mpaka chembe zinaisha. Picha ya karibu kabisa: unga ukizama, maji yakiwa na ukungu kidogo, kisha yakitulia. Hakuna muziki, tusikie kijiko kikigonga jagi. Mhudumu anataja makatazo matatu: usiongeze sukari, usiweke soda, usichemshe baada ya kuchanganya.

Newala maji ni ya taabu, na bibi atauliza kwa haki: "Akibakiza, nimwage?" Jibu lisikwepe: jagi lifunikwe, mtoto aendelee kunywa, na kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Kunywesha: kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Aliye chini ya miaka 2 apate mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha. Wa miaka 2 na kuendelea, 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Kunyonya na uji haviachwi.

Zinki tuipe sekunde 40. Kidonge cha miligramu 20 kinayeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama, mara moja kwa siku, kwa siku 10. Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe nusu. Wengi huacha siku ya tatu kwa sababu choo kimeshakauka, ilhali dozi kamili humpunguzia mtoto kuharisha tena katika miezi miwili mitatu inayofuata. Onyesha ukanda wa vidonge na alama ya mkaa ukutani kwa kila siku iliyopita.

Mwisho, dalili za kukimbilia zahanati: macho kuingia ndani, kushindwa kunywa au kutapika kila kitu, kulegea au kupoteza fahamu, degedege, damu kwenye choo. Ngozi ya tumbo inayorudi taratibu ikifinywa ionyeshwe kwa mchoro. Safarini aendelee kunyweshwa ORS njiani, hata juu ya bodaboda ikisimama.

Utayarishaji

Mtoto anayeigiza awe mzima, na mama yake awe pembeni muda wote wa kupiga picha. Mtoto mgonjwa hatumrekodi, hata familia ikiridhia. Jagini mwake yawe maji matupu. Maandishi chini ya picha yawe makubwa, maana runinga za kliniki mara nyingi huzimwa sauti. Namba 1 (lita), 24 (saa) na 10 (siku) zijaze kioo peke yake.

Kabla ya uhariri wa mwisho, rasimu ionyeshwe kwa mabibi wa vijiji viwili, kisha kila mmoja apewe pakiti na vyombo vya nyumbani kwake achanganye bila kuelekezwa. Wakikosea kipimo, tunarudi kupiga upya sehemu ya mkekani.