Swali la Faida: Dagaa wa Ukara Waliouzwa Mwaloni

Mfanyabiashara mmoja alinunua madebe 20 ya dagaa wakavu katika kisiwa cha Ukara kwa shilingi 16,000 kila debe. Alilipa shilingi 60,000 kuwasafirisha kwa boti hadi Mwanza, na shilingi 20,000 kwa wapagazi waliowabeba kutoka gatini hadi kwenye meza yake katika soko la Mwaloni, Kirumba. Aliuza dagaa wote kwa shilingi 25,000 kila debe. Je, alipata faida ya asilimia ngapi ya gharama zake zote?

A. 20%
B. 25%
C. 31.25%
D. 56.25%

Jibu na maelezo

Jibu sahihi ni B. Dagaa waligharimu 20 × 16,000 = shilingi 320,000, na nauli pamoja na ujira wa wapagazi ni shilingi 80,000, kwa hiyo fedha yote iliyomtoka ni shilingi 400,000. Mauzo ni 20 × 25,000 = shilingi 500,000, na faida ni shilingi 100,000.

100,000 ÷ 400,000 × 100 = 25%

Aliyechagua D amesahau kabisa boti na wapagazi: ametoa 16,000 kwenye 25,000, akapata 9,000, kisha akaigawa kwa 16,000.

Kosa la C linahitaji subira zaidi, kwa sababu mwanafunzi huyu amefanya sehemu ngumu ya kazi bila kosa. Alikumbuka gharama zote alipotafuta faida, akapata shilingi 100,000, lakini alipofika kwenye kugawanya alirudi kwenye shilingi 320,000 za dagaa peke yake. Nauli iliyopunguza faida yake juu ya mstari wa sehemu ni lazima ihesabiwe pia chini ya mstari huo, kwa kuwa ni fedha ileile iliyotoka mfukoni mwa mfanyabiashara.

Aliyechagua A amegawa 100,000 kwa mauzo ya 500,000. Hesabu hiyo ina maana yake, kwani ni kweli kwamba katika kila shilingi 100 alizopokea mezani, shilingi 20 zilikuwa faida. Lakini swali limetaja gharama, na mauzo tayari yamebeba faida ndani yake, ndiyo maana asilimia inatoka ndogo kuliko inavyotakiwa.

Mwanafunzi anayesita ndani ya chumba cha mtihani anaweza kulipima jibu lake kwa kurudi nyuma, yaani kuchukua asilimia aliyoipata, kuitafuta katika shilingi 400,000 na kujumlisha. Asilimia 20 inaleta 480,000, asilimia 31.25 inaleta 525,000, na asilimia 56.25 inaleta 625,000. Ni asilimia 25 pekee inayofikia shilingi 500,000 ambazo wateja wa Mwaloni walilipa.