Benchi la Mwajuma

Tangu saluni kubwa ifunguliwe ng'ambo ya barabara pale Sinza, yenye kiyoyozi na vioo ukuta mzima, benchi la Mwajuma likawa la paka. Wa kwanza kuhama alikuwa Mama Rehema, aliyesukwa twende kilioni hapo tangu hajaolewa. Akipita, hujifanya anasoma simu.

Jumamosi akaingia, mtandio hadi kwenye nyusi.

"Za siku, shoga?"

"Nzuri. Vua tuone."

Rasta zimevutwa mno. Kwenye paji la uso vipele vimetoka, vingine vina usaha.

"Wamenibana. Silali."

Mwajuma akachukua kitana cha mkia, akaanza kufumua taratibu.

"Kufumua elfu tano. Kusuka mwezi ujao, ngozi ipone."

"Elfu tano? Si ulikuwa unanifumulia bure!"

"Nilikuwa."