3.6 Uchanganuzi wa Data: Mavuno ya Mwani na Regresheni ya Vibadilika Vingi

Swali la pili la utafiti huu linauliza kwa nini wakulima wawili wa mwani wanaolima pwani moja, kwa mbegu ya aina moja na kwa bamvu lile lile, huondoka na mavuno yanayopishana sana. Kulijibu, nilitumia regresheni ya vibadilika vingi kwa njia ya miraba midogo kabisa. Nilichagua njia hii kwa sababu mambo yanayotajwa na wakulima wenyewe (ukubwa wa shamba, uzoefu, muda wa kazi, umbali) huja kwa pamoja. Mwenye kamba nyingi aghalabu ndiye pia mwenye watoto wakubwa wa kumsaidia, na mwenye uzoefu mrefu ndiye aliyewahi kupata eneo la karibu. Kulinganisha wastani wa kundi moja na lingine, jambo moja baada ya jingine, kungelibebesha jambo moja uzito wa mengine yote. Regresheni hukadiria mchango wa kila jambo huku mengine yakishikiliwa pale pale.

Data zilikusanywa Juni hadi Agosti 2023 kwa wakulima 164 wa spinosamu: 58 wa Kiuyu Mbuyuni na 56 wa Tumbe, Wilaya ya Micheweni, pamoja na 50 wa Kisiwa Panza, Wilaya ya Mkoani. Wakulima wa kotonii hawakuingizwa, kwani mwani huo una bei yake na udhaifu wake mbele ya maji ya moto, na kuuchanganya na spinosamu kungelitia ukungu katika kila kipimo kinachofuata. Ukubwa wa sampuli ulikadiriwa kabla ya kwenda pwani kwa kutumia G*Power 3.1. Kwa vibadilika huru 8, athari ya wastani (f² = 0.15), kiwango cha umaanifu cha 0.05 na nguvu ya jaribio ya 0.80, walihitajika watu wasiopungua 109. Niliongeza idadi hiyo kwa kuhofia hojaji zitakazopungukiwa na majibu.

Kibadilika tegemezi ni kilo za mwani mkavu alizouza mkulima katika miezi mitatu iliyotangulia mahojiano. Kilo hizo zilichukuliwa kwenye daftari la mnunuzi wa kijijini. Kumbukumbu ya mkulima ilitumika pale tu daftari lilipokosekana. Vibadilika huru ni hivi: jumla ya urefu wa kamba zilizopandwa, kwa mita, miaka ya uzoefu, masafa kutoka mlangoni hadi shambani, kwa mita, saa za kazi kwa bamvu moja, idadi ya watu wa nyumbani wanaosaidia, miaka ya skuli, na kituo.

Kipimo cha kamba kinahitaji maelezo zaidi. Katika majaribio ya hojaji niliuliza idadi ya kamba, na majibu yakawa hayalinganishiki, maana kamba ya huyu si kamba ya yule. Wapo wanaozikata fupi ili mtu mmoja aweze kuzibeba zikiwa zimejaa, na wapo wanaoziacha ndefu. Kwa hiyo tuliingia shambani maji yakiwa yamekupwa, pamoja na mkulima mwenyewe, tukapima kwa utepe kutoka kigingi hadi kigingi. Kazi hii ilirefusha ukusanyaji wa data kwa wiki mbili, kwa kuwa mashamba hufikika vizuri wakati wa bamvu tu, lakini naamini ndiyo iliyookoa kibadilika muhimu kuliko vyote katika modeli. Miaka ya skuli ilihesabiwa bila ya madrasa. Hilo halina maana kwamba chuoni hakuna elimu. Ni kwamba karibu kila mhojiwa alisoma chuoni, na jambo ambalo watu wote wanalo haliwezi kueleza tofauti baina yao.

Kituo kiliingizwa kama kibadilika cha makundi, Kiuyu Mbuyuni kikiwa kituo cha kulinganishia. Hivyo modeli ina vibadilika sita vya nambari na viwili vya vituo.

Hojaji nne ziliondolewa kwa kukosa kipimo cha kamba. Wahojiwa wengine wawili hawakuuza hata kilo moja, baada ya mwani wao kugeuka mweupe na kukatika wote. Kilo ziliingia katika modeli kwa logi, na sifuri haina logi; nayo desturi ya kuongeza 1 ili sifuri ipite hubadilisha matokeo kwa namna isiyoelezeka kwa urahisi. Niliona bora kuwatoa na kusema wazi kwamba makadirio yanawahusu waliovuna. Hasara kamili ya wakulima hao wawili imeelezwa kwa maneno yao katika Sura ya Tano. Uchanganuzi ulibaki na wakulima 158, na modeli ya mwisho ni hii:

```
log(kilo) = b0 + b1*log(kamba) + b2*uzoefu + b3*masafa
          + b4*saa + b5*msaada + b6*elimu
          + b7*Tumbe + b8*KisiwaPanza + e
```

Kilo zilibadilishwa kuwa logi asilia kwa kuwa wakulima wachache wenye mavuno makubwa waliuvuta mkia wa usambaaji upande wa kulia. Kwa sababu hiyo b1 inasomwa kama asilimia ya ongezeko la mavuno kwa kila asilimia 1 ya ongezeko la kamba, na b2 hadi b8 zinageuzwa kuwa asilimia kwa kanuni ya (exp(b) − 1) × 100.

Masharti ya regresheni yalikaguliwa kabla ya kusoma kigawo chochote. Unyoofu wa mahusiano ulitazamwa kwa michoro ya mabaki dhidi ya kila kibadilika, kisha kwa jaribio la RESET la Ramsey. Katika modeli ya mwanzo mita za kamba ziliingia kama zilivyo, na modeli hiyo ilishindwa (p = 0.004). Mchoro ulionyesha mstari unaopanda kwa kasi na kisha kulala. Jambo hili linaafikiana na hali ya shambani: mikono ni ile ile na saa za maji kupwa ni zile zile, kwa hiyo kamba za mwisho hazipati matunzo ya kamba za mwanzo. Kamba zilipowekwa katika logi, jaribio halikuonyesha tena kasoro, F(2, 147) = 1.18, p = 0.31.

Ufungamano wa vibadilika huru ulikaguliwa kwa `vif()`. Umri ulikuwemo katika mpango wa awali, lakini uwiano wake na uzoefu ulikuwa 0.81, kwani wengi walianza kulima wakiwa vijana na hawakuacha. Niliuondoa umri na kubakisha uzoefu, ambao ndio unaotajwa katika swali la utafiti. Baada ya hapo hakuna kibadilika cha nambari kilichofika 3. Kwa kituo, chenye makundi matatu, nilisoma thamani iliyorekebishwa kwa idadi ya makundi.

Usawa wa mtawanyiko wa mabaki haukutimia. Jaribio la Breusch na Pagan lilitoa χ²(8) = 19.4, p = 0.013, na mchoro ulionyesha mabaki yakitanuka kwa wakulima wenye mashamba madogo. Vigawo havipotoshwi na hali hii, ila makosa sanifu ya kawaida hayaaminiki. Kwa hiyo makosa sanifu yote, vipindi vya kuaminika vya asilimia 95 na thamani zote za p katika Sura ya Nne vimekokotolewa kwa njia ya HC3, ambayo Long na Ervin (2000) waliipendekeza kwa sampuli zisizozidi 250.

Usambaaji wa kawaida wa mabaki ulitazamwa kwa mchoro wa kwantaili na jaribio la Shapiro na Wilk (W = 0.987, p = 0.14). Haukuwa na tatizo.

Sharti la mabaki kutotegemeana lilihitaji fikira zaidi kuliko hesabu. Sikutumia jaribio la Durbin na Watson, ingawa huonekana katika tasnifu nyingi za data za hojaji. Jaribio hilo hutafuta uhusiano baina ya baki moja na linalofuata, na hapa kufuatana kwa safu ni mpangilio tu wa hojaji. Ukizichanganya safu, jibu hubadilika. Utegemezi wa kweli ulio hapa ni wa kijiji: wakulima wa kituo kimoja hushiriki mkondo mmoja, joto moja la maji na mara nyingi mnunuzi mmoja. Makosa sanifu ya makundi yangehitaji vituo vingi, nami ninavyo vitatu. Ndiyo maana kituo kimewekwa ndani ya modeli yenyewe, ili tofauti zinazowagusa wakulima wote wa pwani moja zichukuliwe huko. Kwa mpango huu siwezi kusema ni kitu gani cha Kisiwa Panza kinacholeta tofauti yake, bali ukubwa wa tofauti hiyo tu.

Wakulima wenye uvutano mkubwa walitafutwa kwa masafa ya Cook, kikomo kikiwa 4/n, yaani 0.025. Walijitokeza saba. Nilirudi kwenye hojaji zao za karatasi, na mmoja alikuwa ameandikiwa mita 3,400 badala ya 340. Kosa hilo lilisahihishwa na ukaguzi wote ukarudiwa; takwimu zilizotajwa hapo juu ni za baada ya marekebisho. Sita waliobaki walikuwa na vipimo sahihi, nao hawakuondolewa: mkulima aliyevuna kupita wenziwe ni sehemu ya jambo linalochunguzwa. Modeli iliendeshwa tena bila ya hao sita, na matokeo yake yamewekwa sambamba na ya modeli kuu ili msomaji ajionee.

Kiwango cha umaanifu kiliwekwa 0.05, kwa pande mbili. Vigawo vyote nane vinaripotiwa, vyenye umaanifu na visivyo nao. Hakuna kilichochaguliwa kwa njia ya hatua kwa hatua. Kwa kuwa data ni za kipindi kimoja, matokeo yanaelezwa kwa neno "huambatana na", si "husababisha". Mkulima anayefanya kazi saa nyingi huenda anavuna zaidi kwa sababu ya saa hizo, na huenda shamba linalozaa vizuri ndilo linalomshawishi kubaki majini.

Majibu yaliingizwa kutoka karatasi hadi KoboToolbox na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha nakala mbili zikalinganishwa. Uchanganuzi ulifanywa kwa R 4.3.2 ndani ya RStudio, kwa vifurushi vya `car`, `lmtest` na `sandwich`. Michoro ilichorwa kwa `ggplot2`. Amri za msingi ni hizi:

```r
mwani$kituo <- relevel(factor(mwani$kituo), ref = "KiuyuMbuyuni")
m <- lm(log(kilo) ~ log(kamba) + uzoefu + masafa + saa +
          msaada + elimu + kituo, data = mwani)
car::crPlots(m)
lmtest::resettest(m, power = 2:3)
car::vif(m)
lmtest::bptest(m)
shapiro.test(residuals(m))
which(cooks.distance(m) > 4 / nobs(m))
lmtest::coeftest(m, vcov = sandwich::vcovHC(m, type = "HC3"))
```

Amri kamili, pamoja na za kusafisha data, zimo katika Kiambatisho C. Majina ya wakulima na alama za mahali pa nyumba zao yalifutwa katika faili la uchanganuzi mara tu masafa yalipokwisha kukokotolewa, na kila mkulima amebaki na nambari tu.