Jibu kwa mteja wa samaki wa kupaka, Jumamosi mchana

Salaam ndugu yangu,

Mimi ndiye mwenye hoteli. Umetupa nyota moja na kulalamikia kungoja samaki dakika 50, udogo wake, mfuko wa shilingi 10, mhudumu na juisi. Lile jibu fupi lililokuwa hapa jana, "Pole sana tumebanwa", pamoja na kiuso chenye meno na tone la jasho, liliandikwa na mpwa wangu anayeshika simu ya hoteli. Nimeliondoa. Uliongeza chini ya maoni yako kwamba umelalamika na bado unachekwa, na nilipofungua kwenye simu yangu niliona ulichokiona wewe: meno. Mpwa wangu anasema kiuso kile ni cha mtu anayeona haya, na jasho ni la kazi nyingi. Namwamini, si kijana wa dharau. Ila mtu aliyekaa na njaa karibu saa nzima hapaswi kupewa fumbo afumbue.

Kwa hiyo hili nimeandika mwenyewe, maneno matupu. Aliniomba niache angalau ile mikono miwili iliyoshikana, mwishoni. Nilisita kidogo, maana mimi mwenyewe huituma kila siku kwenye kundi la chama chetu. Lakini huko tunajuana. Wewe hunijui, na mikono ile mmoja huisoma asante, mwingine dua, mwingine "basi yaishe". Sitaki uone naomba yaishe kabla sijakujibu.

Tuanze na dakika 50. Ni kweli, karatasi ya jikoni inaonyesha hivyo. Samaki wetu wa kupaka hapashwi moto, anaanza kuchomwa ukishatoa oda: anachanjwa, anapakwa thomu, tangawizi, ndimu na pilipili, anakwenda kwenye makaa, kisha anapakwa tui zito la nazi lenye ukwaju huku akigeuzwa. Siku ya kawaida hilo huchukua nusu saa. Jumamosi ile stima ya Ngara ilipotea kabla ya saa saba, blenda ikalala, na nazi zikakunwa kwa mbuzi. (Wapishi wangu wawili wamekulia Nairobi; mbuzi wanayoijua wao ni ya kuchoma. Nilikuna mwenyewe.) Ulistahili kuambiwa hayo ulipoketi, ili uchague kusubiri au kula pilau iliyokuwa tayari. Tangu Jumapili, mhudumu hutaja muda kabla ya kuandika oda, na stima ikipotea tunasema hivyo mlangoni.

Umesema samaki wa shilingi 850 alikuwa mdogo kuliko uliyemla hapa Februari. Hapo sikupingi, wala bei siishushi. Februari ni kaskazi, bahari inaendeka. Sasa ni Julai, kusi imekaza, na mvuvi mwenye ngalawa au mashua ndogo hatoki nje ya miamba kila siku. Changu wanakuwa wachache, na wanaofika ufukweni wananunuliwa kwa kugombewa. Wangu wanapanda basi la usiku kutoka Mombasa ndani ya kasha la barafu, na nauli ya kasha haijali kama changu ni mkubwa au mdogo. Ningeweza kukupikia samaki wa ziwani kwa bei nafuu, na ni mtamu, lakini kwenye ubao nimeandika changu. Bahari ikitulia, kuanzia Oktoba hivi, utamwona tena yule wa Februari.

Mfuko wa shilingi 10: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na huu wa kaki tunaununua. Ukija na kikapu chako hulipi.

Mhudumu uliyemwona "akichati" alikuwa anasubiri ujumbe wa malipo ya tili. Simu ile ni ya kaunta, si yake. Naelewa kwamba kutoka mezani kwako huwezi kujua, na nimemwambia aache kuishika akiwa amesimama mbele ya mteja. Lakini umemwita mvivu, na hilo silikubali. Siku hiyo alihudumia meza zote peke yake.

Juisi ya ukwaju uliyolipia haikukufikia. Nimeangalia, uliandikiwa shilingi 120 na haikutoka jikoni. Hizo ni zako, zirudi.

Sasa jambo lililoninyima usingizi, na hukuliandika kwa neno hata moja. Umemaliza maoni yako kwa kiuso kinachotapika na fuvu la kichwa. Mpwa wangu ananituliza: fuvu, kwa vijana, ni mtu aliyekufa kwa kicheko, na kutapika ni kusema tu "sikupenda". Huenda ndivyo ulivyokusudia, na kama ndivyo, nimekusikia na tumeishia hapo. Lakini mimi nauza samaki. Wafanyakazi wangu hupimwa afya na kupata cheti kipya kila miezi sita ili waruhusiwe kushika sahani yako. Kwangu fuvu kando ya changu ni fuvu, na siwezi kulipita kama mzaha.

Basi nauliza waziwazi: uliugua? Kama ndiyo, nataka kujua ilianza saa ngapi, ulikula nini kingine, na kama aliyekuwa nawe naye aliugua. Samaki aliyepoteza ubaridi njiani, hasa wa jamii ya jodari na nguru, anaweza kufanya uso uwe mwekundu na kuwaka, kichwa kuuma na tumbo kuchafuka, mara nyingi ndani ya saa moja au mbili, na sumu hiyo haiondoki kwa moto hata samaki aive vipi. Wako alikuwa changu, na sijapata malalamiko mengine kutoka kasha lile, lakini hayo hayatoshi kunifanya nikuambie hukuugua. Ukiwa bado hujisikii vizuri nenda hospitali kwanza, mambo ya hoteli yatangoja. Nikijua, nitamwita afisa wa afya ya umma aje aangalie friji na kasha, wala sitangoja atumwe na mtu mwingine.

Na kama hukuugua, nakuomba ulitoe lile fuvu. Nyota moja iache, ni haki yako, na maneno yako yote yaache. Mtu anayepita hapa akitafuta chakula cha mchana ana haki ya kusoma kwamba ulingoja dakika 50. Hana sababu ya kudhani kuna mtu alikufa.

Nipate kwa namba iliyo chini ya risiti. Usiandike yako hapa mbele ya kila mtu. Tili hainionyeshi namba nzima ya mteja, ndiyo maana sikuweza kukupigia mimi. Ukinitajia saa uliyolipa nitakutumia ile 120 kwa M-Pesa wakati huohuo, uwe umeamua kurudi au hapana.

Mpwa wangu anauliza kama amefukuzwa kwenye simu. La. Ubao wa menyu ya Ijumaa bado utauona umejaa visamaki, nazi na ndimu za kuchorwa, na watu wanavipenda. Malalamiko nitajibu mimi.

Ukiamua kurudi, piga ukiwa bado mjini. Mpaka uvuke Globe na kupanda Ngara, changu atakuwa kwenye makaa, na mhudumu atakwambia palepale kwenye simu kama stima ipo.

Mwenye hoteli